Nukta Isiyo na Salio

Kijana alipomaliza kueleza rigresheni yake, mama mmoja wa safu ya nyuma aliuliza: "Mwanangu, masalio umeyachora?" Salio ni tofauti kati ya kilichopimwa na kile ambacho mstari umekitabiri. Kijana akajibu kwamba ameyachora, na hakuna nukta iliyojitenga.

Nikaomba nafasi, nikachora ubaoni mifano miwili aliyoitoa Francis Anscombe mwaka 1973. Kila mmoja una nukta 11, na mstari wao ni ule ule: y = 3 + 0.5x. Katika wa kwanza, nukta 10 zimelala kwenye mstari mwingine, wenye mwinamo wa 0.35 hivi, ila moja imeruka juu na kuwavuta wenzake. Masalio yanaisema wazi: lake ni 3.24, na mengine yanateremka kwa foleni toka 0.39 hadi -1.16. Mstari ukifaa, masalio hutawanyika ovyo, hayapangi foleni.

Wa pili ndio mjanja. Nukta 10 zina x = 8, moja tu ina x = 19. Iondoe hiyo, na hakuna mwinamo wa kupima kabisa. Salio lake je? Sifuri, kwa kuwa mstari umeifuata hadi kwake.

"Sasa nitaitambuaje, mzee?" kijana akauliza.

Tazama x iliyo mbali na wenzake, nikamwambia, kisha rudia hesabu bila nukta hiyo. Lakini usiitupe. Kapime nyingine kati ya 8 na 19.