Barua ya Udhuru

Mwezi uliopita nilitarajiwa kusoma makala Dar es Salaam, katika kongamano la walimu wa Kiswahili, kuhusu majina ya samaki wa Ziwa Tanganyika. Siku tatu kabla ya kupanda treni hapa Kigoma, malaria ikaniangusha. Mkono ukiwa na dripu, nilimtajia binti yangu maneno, naye akayaandika kwenye simu:

"Ndugu Mratibu, sitaweza kufika kusoma makala yangu siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Nimelazwa kwa malaria kali, na daktari amenizuia kusafiri. Naomba nafasi yangu apewe mwingine. Makala naiambatisha, mkipenda, isomwe kwa niaba yangu. Nauli mliyonitumia nitairejesha leo. Niwieni radhi."

"Baba," akasema, "mbona kavu hivi? Ongeza basi, 'Mungu akinijalia nafuu, nitafika.'"

Nilikataa, ingawa dua yake niliipokea. Hiyo -ki- ya "akinijalia" ni kiambishi cha sharti, na sharti huacha mlango wazi. Mratibu akiisoma, ataniwekea dakika zangu ishirini, hatamwita mtu wa akiba, na Alhamisi ukumbi utakikodolea macho kiti kitupu. "Huenda nisifike" nayo ina dosari ileile. Lugha yetu ina adabu nyingi za kukwepa kusema hapana, na mahali pengi zinafaa. Kwa mtu anayepanga ratiba, adabu ni "sitaweza", tena katika sentensi ya kwanza.

Neno "nimelazwa" pia sikulichagua ovyo. "Ninaumwa" husemwa hata na mwenye mafua, na msomaji anaweza kujibu, "Jikaze, mwalimu." Kauli ya kutendwa inaonyesha kwamba uamuzi umeshatoka mikononi mwangu. Lakini niliishia hapo: joto la mwili na matapishi hayamsaidii mratibu kitu. Udhuru ukirefushwa mno huanza kunuka kisingizio.

Saa moja baadaye likaja jibu: makala ingesomwa na mwalimu kijana kutoka Pemba. Hilo likanitia wasiwasi kuliko homa, kwani bahari yake si ziwa letu. Nikamwagiza binti yangu ampelekee maelezo mafupi: mgebuka ni mmoja, migebuka ni wengi, umbo la jina ni la mti na miti, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai tunasema "migebuka wameadimika", wala si "imeadimika".

Jumatano usiku kijana akanipigia.

"Shikamoo, mwalimu. Pole kwa maradhi. Na huyu kuhe, wingi wake ni makuhe?"

"Marahaba, mwanangu. Kuhe mmoja, kuhe wengi."

"Kama papa?"

"Kama papa. Ila huyu wetu hali watu, tunamla sisi."