Yalikuwa na Yamekuwa

Nilifundisha Kiswahili katika shule za upili za Trans Nzoia hadi nikastaafu, na katika kazi hiyo yote hakuna swali lililoniletea wanafunzi wengi kwenye meza yangu kama lile la kugeuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa. Alama ya insha waliipokea, hata kama iliwauma. Lakini sentensi fupi iliyogeuzwa vizuri machoni pa mwenyewe, yenye -w- mahali pake na "na" kabla ya mtenda, ikipewa sifuri, mwanafunzi huona amedhulumiwa. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ina alama 80, na nusu yake ni matumizi ya lugha, maswali mafupi ya alama chache. Hapo ndipo gredi hupatikana au hupotea, na watoto wanalijua hilo.

Nakumbuka vizuri mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, msomaji mkubwa wa magazeti. Katika mtihani wa mwigo nilikuwa nimeweka sentensi hii: "Nyanya alikuwa akianika mahindi mvua iliponyesha." Yeye akaandika: "Mahindi yamekuwa yakianikwa na nyanya mvua iliponyesha." Alikuja baada ya chakula cha mchana, karatasi mkononi.

"Mwalimu, samahani. Nimetanguliza mahindi, nimeweka kiambishi cha kutendwa, nimemtaja nyanya. Kosa liko wapi?"

Nilimwambia asome kitenzi cha kwanza katika swali, kisha kitenzi cha kwanza katika jibu lake. Akasoma: "alikuwa", "yamekuwa". Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo wanafunzi wengi husema: "Lakini kitenzi kikuu ni sahihi, Mwalimu. Hicho kingine ni kisaidizi tu."

Hilo neno "tu" ndilo lililonifanya nibadilishe namna ya kufundisha mada hii. Sentensi yenye kitenzi kimoja haina taabu. "Nyanya alianika mahindi" huwa "mahindi yalianikwa na nyanya": kiambishi a- kinakuwa ya-, -w- inaingia kabla ya irabu ya mwisho, na -li- inabaki katikati bila mtu kuigusa. Wakati unajibeba wenyewe. Panapokuwa na vitenzi viwili, kazi inagawanyika. Kitenzi kikuu ndicho kinachopokea -w-. Kitenzi kisaidizi hakiipokei. Kinabadilisha kiambishi cha ngeli peke yake, kutoka a- ya nyanya hadi ya- ya mahindi, na kinaendelea kubeba wakati wa tukio zima. Kwa hiyo jibu ni "mahindi yalikuwa yakianikwa na nyanya mvua iliponyesha". Mwanafunzi akili yake yote iko kwenye -w-, na kile kitenzi asichokitilia maanani ndicho kinachotuambia jambo lilitokea lini.

Nilimwandikia majibu mengine matatu niliyoyakuta katika karatasi za wenzake, tukayapitia moja moja. Mtoto wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa sana habari ya mahindi na mvua. Mavuno huangukia Oktoba na Novemba, wakati mvua bado inarudirudi, na familia nzima hukimbia na turubai.

Wa kwanza alikuwa ameandika "mahindi yalianikwa na nyanya mvua iliponyesha". Hapa kisaidizi kimetupwa kabisa, na nyanya sasa anasubiri mvua inyeshe ndipo atoe mahindi nje. Hakuna nyanya wa namna hiyo. Wa pili aliandika "yalikuwa yameanikwa". Kisaidizi chake kilikuwa salama, lakini -ki- ya kitenzi kikuu ilikuwa imegeuka -me-, na kazi iliyokuwa katikati ikawa imekwisha: mahindi yote yako nje na yote yanaloa, ilhali katika sentensi ya swali huenda nusu bado yamo guniani. Wa tatu aliandika "yalikuwa yanaanikwa". Huyo nilimpa alama. Najua walimu wanaokataa -na- mahali pa -ki- kwa sababu swali lilikuwa na -ki-, lakini baada ya -likuwa, viambishi hivyo viwili vyote vinaonyesha tendo linaloendelea, na kumnyima mtoto alama kwa hilo ni kusahihisha herufi badala ya maana.

Kisha tukarudi kwa jibu lake. "Yamekuwa yakianikwa" ni jambo lililoanza zamani na bado linafika hadi leo. "Mvua iliponyesha" ni nukta moja iliyopita. Ukiviweka pamoja, msomaji hajui kama anasimuliwa alasiri moja au desturi ya nyanya ya miaka mingi. Nikamwomba ajaribu kurudisha jibu lake katika kauli ya kutenda. Alipata "nyanya amekuwa akianika mahindi", na hapo akaona mwenyewe kwamba haikuwa sentensi aliyopewa. Kipimo hicho nilikitumia hadi siku ya mwisho darasani: jibu likirudishwa lisipoleta sentensi ya swali, kuna kitu kilichopotea njiani.

Nilitaka kujua pia alikoitoa ile "yamekuwa", maana hakuibuni. Fungua gazeti lolote la Kiswahili la hapa Kenya, au usikilize taarifa ya habari, utaikuta: barabara imekuwa ikitumiwa na wakazi, ardhi imekuwa ikinyakuliwa na matajiri, fedha zimekuwa zikiibwa. Ni umbo halali kabisa kwa habari ya jambo linaloendelea. Kwa kuwa huja mara nyingi pamoja na -w-, mwanafunzi anayesoma sana hulichukua lote kama kitu kimoja, na akiona swali la kutendwa, kalamu inaandika "imekuwa iki-" kabla hajaangalia wakati. Ndiyo maana kosa hili nililikuta zaidi kwa wanafunzi wazuri kuliko kwa wale dhaifu.

Mwenzangu mmoja katika idara alitaka tutoe nusu alama kwa jibu kama hilo. Tulibishana kwa heshima. Hoja yangu ilikuwa kwamba swali liliomba kubadilisha kauli peke yake, yaani kumtanguliza mtendwa na kumrudisha nyuma mtenda. Aliyebadilisha na wakati amesimulia tukio jingine. Lakini sikubali ukali huo utumike upande mmoja. Mwaka mmoja tulinunua mtihani wa pamoja uliotungwa nje ya shule, na mwongozo wake wa kusahihisha ulikuwa na "yalijengwa" kwa sentensi iliyosema "mafundi walikuwa wakijenga madarasa". Kwa mwongozo huo, mtoto aliyeandika "yalikuwa yakijengwa" angepata sifuri, na aliyekosea angepata alama zote. Tuliukataa mwongozo, tukasahihisha upya karatasi zilizokuwa zimeshapita.

Kuna mahali kanuni hii inafika mwisho wake, na ni haki kusema hivyo. "Mtoto anataka kula embe" ukiigeuza kwa kanuni unapata "embe linataka kuliwa na mtoto". Wakati umehifadhiwa, lakini hamu imehama kutoka kwa mtoto ikaenda kwa embe. Kisaidizi cha namna hiyo hakifai kuwekwa katika swali hili, na anayekosea ni mtunzi, si mtahiniwa.

Walimu wenzangu mnaotunga maswali haya, wekeni katika sentensi kishazi cha wakati, kama "mvua iliponyesha" au "wageni walipofika", ili mwanafunzi awe na kitu cha kupimia jibu lake. Na unapoandika sifuri, pigia mstari kitenzi kisaidizi kilichobadilika, usipige mkasi jibu zima. Mtoto ana haki ya kujua ni silabi gani iliyomgharimu alama.