Barua Inayosomwa na Mdomo wa Mwingine

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunatafuta pesa ya kumalizia masomo. Tulichojua kufanya ni kutafsiri na kuandika, na mmoja wetu ana mkono mzuri wa kuchora herufi kwa rangi. Tukaamua kwenda kwenye vituo vya afya vya mitaani kuwapendekezea vibao vya kuelekeza wagonjwa: wapi pa kuandikishwa, wapi pa kulipa, wapi pa kungojea majibu ya damu. Katika vituo vingi tulivyovijua vibao hivyo vilikuwa kwa Kifaransa peke yake, na mgonjwa alibaki kuuliza kila mtu anayepita.

Katika kituo kimoja cha Katuba tulipokelewa na mama anayeshika hesabu. Alitusikiliza vizuri, akacheka, akatuonyesha mwenyewe ule mlango ambao watu wanaugonga kila asubuhi kwa makosa. Mwishoni akasema wazo ni zuri, lakini yeye hakati neno peke yake: kuna komite, inakutana Jumamosi moja kila mwezi. "Muniandikie barua, batoto, miye nitaipeleka."

Tulimwandikia. Barua ilikuwa na kurasa tatu, Kifaransa safi kama tulivyofundishwa hapa kitivoni. Ilianza na salamu kwake, ikakumbusha mazungumzo yetu, ikaeleza thamani ya lugha ya wenyeji katika huduma ya afya, na bei ikaja katika ukurasa wa tatu. Mama aliipenda. Jumamosi ikapita, tukaambiwa "bataona". Mwezi wa pili ukapita vilevile.

Nilirudi kumwona. Sikumwuliza kwa nini walikataa, kwa sababu hawakuwa wamekataa. Nilimwomba anisimulie kikao kilivyokwenda, neno kwa neno, kama anakumbuka. Akasema: "Barua yenu iko muzuri sana, lakini sikujua nianze na nini." Alikuwa na dakika chache, mwisho wa kikao, watu wameshachoka. Hakuweza kusoma kurasa tatu, kwa hiyo alifunga barua akaongea kutoka kichwani. Bei aliitaja kuwa "mia na kitu", na mshika fedha akaelewa dola mia kwa kibao kimoja. Tulikuwa tumeomba 120 kwa vibao vyote 8. Mzee mmoja akasema wanafunzi wa kampasi wataandika Kiswahili cha Tanzania ambacho mgonjwa hatakielewa. Mama hakuwa na jibu, akanyamaza. Alichonieleza mwishoni ndicho kilichoniuma: tangu siku ile, akileta jambo, wanamwuliza kwa utani kama ni jambo la wanafunzi wake.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Tulimwandikia mama barua ya kumshawishi yeye, naye alikuwa ameshakubali tangu siku ya kwanza. Waliobaki kushawishiwa ni watu sita ambao hatukuwaona na hatungewaona. Mbele yao sisi hatukuwa na mdomo mwingine ila wake, na tulikuwa tumempeleka vitani bila mkuki.

Wanafunzi wa lugha tungepaswa kulijua hili mapema kuliko wengine. Katika mji wetu kuna andiko mashuhuri, Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, lililoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa nyumbani, kwa Kiswahili cha hapa hapa. Johannes Fabian, aliyelichapisha mwaka 1990, anaeleza kwamba karatasi zenyewe zilikuwa ngumu kueleweka kwa macho. Zilifunguka pale Kalundi Mango alipozisoma kwa sauti. Hapa kwetu maandishi mengi yanaishi hivyo. Barua inaandikwa kwa Kifaransa, kikao kinajadili kwa Kiswahili, halafu ripoti inarudi kwa Kifaransa. Barua inayokwenda kwenye komite inavuka mto mara mbili, na anayeivusha ni mtu mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya pili nilikaa na mama karibu saa nzima, nikamwuliza mambo manne. Nani atakuwa ndani, na nani huongea kwanza? Kitu cha mwisho walichonunua ni nini, na kiliishaje? Kikao kinaongea lugha gani? Karatasi inakwenda wapi baada ya kikao?

Swali la pili lilitupa zaidi ya yote. Mwaka uliotangulia walikuwa wameagiza kalenda, wakatoa nusu ya pesa mbele, na kalenda zikafika mwezi wa pili. Mshika fedha ndiye aliyelaumiwa. Basi neno "malipo ya kwanza" lililokuwa katika barua yetu lilimchoma kidonda ambacho sisi hatukukijua. Hakuna hoja ya lugha ya wenyeji ambayo ingemponya.

Barua ya pili tuliigawa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya komite, ukurasa mmoja tu, kwa Kifaransa kwa sababu itawekwa kwenye faili. Mstari wa kwanza ulisema kinachoombwa: komite ikubali vibao 2 vya majaribio, dola 30 kwa jumla, zinazolipwa siku ya kuvipokea, na bila pesa yoyote mbele. Faranga zingehesabiwa kwa kiwango cha siku hiyo ya malipo. Vile vibao 6 vilivyobaki vingeamuliwa baadaye, kwa bei ileile. Hivyo hata mtu akikatizwa baada ya sentensi moja, jambo lote limeshasikika.

Chini yake ilikuja sababu, na hapa tulijifunza jambo jingine. Sisi tulitaka kuandika habari za umuhimu wa lugha. Badala yake tulimwomba mama ahesabu mwenyewe, asubuhi tatu, watu wangapi wanakuja dirishani kwake kuuliza mahali ambapo si kwake. Alipata 41. Hesabu hiyo tuliiandika kama yake, na tarehe zake. Hesabu ya mgeni, mtu akiipinga, anayeileta hawezi kuitetea. Hesabu aliyoifanya mwenyewe ataisimamia mbele ya yeyote.

Karatasi ya pili ilikuwa ya mama peke yake, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na hakupaswa kuionyesha kwa mtu. Iliandika maswali matatu yatakayoulizwa, na chini ya kila moja jibu la sentensi moja au mbili analoweza kulisema. Wakiuliza kama wanafunzi watakimbia na pesa: hawapokei kitu kabla ya kibao kuwa ukutani. Wakiuliza ni Kiswahili gani: neno la kwenye kibao ni lile analolisema mgonjwa, kwa hiyo kibao kitasema "labo" na si "maabara", na mwuguzi mkuu ataweka sahihi kwenye kila neno kabla ya kupakwa rangi. Wakiuliza kuhusu wasiojua kusoma: kibao hakitawasaidia vya kutosha. Tungeongeza mshale na rangi, lakini dirishani wataendelea kuja.

Hilo jibu la mwisho wenzangu walitaka kulifuta. Waliona tunajiangusha wenyewe. Mama ndiye aliyelitetea: alisema akifika kikaoni na majibu mazuri matupu, watamwona kama mtu aliyelipwa. Akiwa na jambo moja la kukubali, watamsikiliza kwa mengine.

Tulimpa rasimu aisome kabla ya kuipiga mashine, na tulimwomba afute. Alifuta sentensi moja, ile iliyosema wagonjwa "wanapotea kwa kukosa maelekezo". Sisi tuliiona sentensi isiyo na ubaya. Yeye alituambia kwamba binti anayepokea wagonjwa mlangoni ni mjumbe wa komite, na sentensi hiyo ingemwambia mbele ya wote kwamba hafanyi kazi yake. Tuliandika badala yake kwamba mpokeaji "atapata nafasi ya kuandikisha watu bila kukatizwa". Mtu tuliyekuwa tunamgeuza adui akawa na faida yake ndani ya barua.

Jambo la mwisho tulilolifanya ni jaribio, na ninalipendekeza kwa yeyote. Nilimpa mwenzangu wa chumba ukurasa wa komite, akausoma mara moja, akaufunga. Kisha akamweleza jirani yetu, ambaye hakujua chochote, kwa Kiswahili chake cha kawaida. Mimi nilikaa kimya nikiandika kilichofika. Mara ya kwanza bei ilifika, majaribio yakafika, lakini zile asubuhi tatu zilipotea kabisa: akasema "kuna watu benye kuuliza-uliza". Hesabu ilikuwa imefichwa katikati ya sentensi ndefu. Tukaipa sentensi yake fupi, mwanzoni mwa aya. Mara ya pili ilifika.

Komite ilikubali vile 2, na mshika fedha ndiye aliyeuliza vitakuwa tayari lini. Mama alituambia kwamba alisoma mstari wa kwanza, akataja hesabu yake, na swali la Kiswahili cha Tanzania lilipokuja akalijibu bila kutazama karatasi. Vibao 6 vilivyobaki havijaamuliwa hadi leo ninapoandika. Kituo kilipata gharama ya paa, na barua haiwezi kutia pesa katika sanduku lisilo nayo. Lakini hakuna aliyemtania mama tena, na ripoti ya kikao ilichukua mstari wetu wa kwanza karibu ulivyokuwa.

Tangu hapo tumeandikia sehemu nyingine mbili, na tumejifunza alama moja ya mapema. Mtu wako akikuambia tu "nitawaambia", bila kuuliza kitu, barua yako huenda ikabaki kwenye droo yake. Anaweza kuwa anakuheshimu tu, au anaogopa kubeba. Lakini akikuuliza, "Bakisema hivi, miye nijibu nini?", ujue ameshajiona amekaa mle ndani. Huyo ndiye wa kuandikiwa ile karatasi ya pili. Kwa yule wa kwanza, afadhali kuomba kwa adabu kama kuna mwingine katika komite ambaye jambo hili linamgusa zaidi, kuliko kumwongezea kurasa.

Nakala ya barua yetu ya kwanza bado ninayo. Kifaransa chake ni kizuri kuliko cha ile ya pili, na mhadhiri mmoja aliyeisoma aliisifu. Mama wa Katuba alikuwa amepiga mstari kwa kalamu mahali pamoja tu, katika ukurasa wa tatu, chini ya bei. Nadhani alikuwa anatafuta kitu cha kushika mkononi kabla ya kuingia kikaoni, na hicho ndicho pekee tulichokuwa tumempa.