Siku Tuliyojua

Jumapili ya tarehe 26 Juni 2022, yapata saa 3 usiku, tulishuka basi Msamvu, Morogoro, tukitokea Songea. Tulikuwa tumemwuguza mama mkwe aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, na miguu yetu ilikuwa imevimba kwa safari. Baba watoto alifungua mlango wa mbele, akawasha taa, kila kitu kikaonekana salama. Tulipokwenda stoo kutafuta mkaa ndipo tulipoona kwamba friza haipo. Vyerehani viwili havipo, na jenereta pia haipo. Nondo za dirisha zilikuwa zimepindwa, na kwa nje dirisha lilizibwa kwa ubao.

Usiku huo huo tulikwenda polisi, tukapewa namba ya RB. Kesho yake saa 2:40 asubuhi tulipiga simu ofisi ya bima, maana vyombo vyetu vya nyumbani tulivikatia bima ya moto na wizi. Jumanne tarehe 28 tulipeleka barua kwa mikono yetu, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Tukajaza fomu ya madai. Tukaamini kwamba tumefanya yote yanayotupasa.

Tarehe 18 Julai ikaja barua fupi. Kampuni ilisema hasara ilitokea tarehe 4 Juni, taarifa ikapokelewa tarehe 28 Juni, yaani siku 24 baadaye, na mkataba unataka taarifa ndani ya siku 14. Kwa hiyo madai yamekataliwa kwa kuchelewa. Vitu vyenyewe vilikuwa na thamani ya shilingi 3,850,000, na cherehani kimoja ndicho kilichokuwa kikilipa ada ya mtoto wetu wa pili. Akina mama wenzetu mtaelewa jinsi chakula cha usiku ule kilivyobaki mezani.

Jambo la kwanza tuliloliuliza ni hili: hiyo tarehe 4 Juni wameitoa wapi? Tuliondoka nyumbani tarehe hiyo. Tulipotazama nakala ya fomu tukaona kwamba ni sisi wenyewe tulioiandika. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, “Tarehe ya hasara”, na kwa uchovu tukajaza siku tuliyofunga mlango. Hata maelezo ya polisi yaliandikwa hivyo hivyo, kwa kuwa askari alituuliza, “Mliondoka lini?” nasi tukajibu.

Sisi wauguzi tungepaswa kujua zaidi. Mgonjwa wa kiharusi akiletwa asubuhi, hatuandiki kwamba ameugua saa 12 kwa sababu tu ndipo alipokutwa sakafuni. Tunaandika saa alipoonekana mara ya mwisho akiwa mzima, na saa alipokutwa. Hizo ni saa mbili tofauti, na ugonjwa umeanza mahali fulani katikati. Wizi katika nyumba iliyofungwa ni hivyo hivyo. Ilitupasa tuandike: “Kati ya tarehe 4 na 26 Juni; umegunduliwa tarehe 26 Juni.” Kama kisanduku ni kidogo, andika pembeni.

Kisha tukausoma mkataba wote, si ule mstari mmoja walioutaja katika barua. Sharti la taarifa lilisema siku 14 tangu mwenye bima alipofahamu tukio. Barua yao ilitaja siku 14 na kuyaacha maneno yaliyofuata. Tungeomba kila anayesoma hapa akautazame mkataba wake kabla ya kufurahi pamoja nasi, kwa maana ipo mikataba inayosema siku huhesabiwa tangu tukio lenyewe. Mwenye mkataba wa namna hiyo anaweza bado kujibu kwamba hakuna awezaye kuarifu jambo asilolijua, na kuwauliza kampuni kuchelewa huko kumewazuia kuchunguza kitu gani hasa. Lakini njia yake ni nyembamba kuliko yetu.

Hapo ikabaki kazi ya kuonyesha kwamba tulijua tarehe 26 na si kabla. Hapo ndipo sisi wawili tulipokosana kidogo.

Katika simu ya baba watoto ulikuwapo ujumbe wa mdogo wake, wa tarehe 17 Juni: “Kaka dirisha la stoo limevunjika nadhani watoto na mpira. Nitapiga ubao.” Naye alijibu, “Sawa, asante.” Shemeji hakuwa na ufunguo, alipita tu nje kuangalia, kama alivyoombwa. Tulikuwa wodini siku ile, na habari ya kioo haikutugusa. Sasa ujumbe huo ukawa kama mwiba. Baba watoto alisema tuunyamazie, kwani hakuna aliyeuuliza, na wao ndio walioanza kutuhesabia vibaya. Tulibishana hadi usiku wa manane. Mwisho tukakubaliana kuuweka wazi, na sababu haikuwa dhamiri peke yake, ingawa ilikuwapo. Kampuni ingeweza kumtuma mthamini wa hasara kwa shemeji, na shemeji hajui kuficha neno. Barua ambayo ndani yake limefichwa jambo moja haiaminiwi hata kwa yale kumi ya kweli, na katika bima, kuficha jambo la maana ni kosa linaloweza kuvunja madai yote.

Tulipokaa tukahesabu kwa kidole kwenye kalenda, tukaona ujumbe ule haukutudhuru hata kidogo. Kutoka tarehe 17 hadi tarehe 28 ni siku 11.

Ilibaki hofu nyingine, nayo nusura itupite. Bima nyingi za nyumba zina sharti kuhusu nyumba isiyokaliwa. Yetu ilisema wizi haulipwi kama nyumba imekaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo. Unapojitetea kwamba hukujua kwa kuwa hukuwepo, unakiri kwa kinywa chako kwamba hukuwepo! Sisi tulikuwa tumeondoka kwa siku 22, tukapumua. Lakini kama mama mkwe angechelewa kuruhusiwa kwa siku kumi zaidi, jibu lile lile lililotuokoa kwenye kuchelewa lingetuangusha kwenye sharti hili. Anayetarajia kukaa mbali zaidi aiarifu kampuni kwa barua kabla ya kufunga mlango.

Barua yetu ya tarehe 21 Julai haikuzidi ukurasa mmoja. Tulijizuia kulaumu. Ilisema hivi:

“Tumepokea barua yenu ya tarehe 18 Julai 2022. Tunaomba kusahihisha. Tarehe 4 Juni tuliyoijaza katika fomu ni siku tuliyoondoka nyumbani, vitu vikiwa salama. Siku ya wizi haijulikani. Tulikuwa Songea tangu tarehe 4 hadi tarehe 26 Juni, na tumeambatisha tiketi za basi za kwenda na kurudi, barua ya likizo ya dharura kutoka kwa mwajiri, na karatasi ya kuruhusiwa kwa mgonjwa.

“Tarehe 17 Juni tulipata ujumbe wa simu kwamba kioo cha dirisha la stoo kimevunjika, ikidhaniwa ni mpira wa watoto. Aliyetuma hakuwa na ufunguo wala hakuingia ndani. Ujumbe wenyewe na maelezo yake yaliyotiwa sahihi tumeviambatisha. Hatukujua wakati huo kwamba kuna kilichoibwa.

“Tulifahamu wizi tarehe 26 Juni saa 3 usiku, tukaripoti polisi usiku huo. Tuliwapigia simu tarehe 27, na barua yetu ina muhuri wenu wa tarehe 28, yaani siku mbili tangu tulipofahamu. Hata mkipenda kuhesabu tangu ujumbe wa tarehe 17, ni siku 11. Sharti lenu la taarifa linasema siku 14 tangu mwenye bima alipofahamu. Tunaomba madai yetu yafunguliwe upya, na kama mnashikilia msimamo wenu, mtuandikie ni ushahidi gani unaoonyesha kwamba tulijua kabla ya hapo.”

Sentensi ile ya mwisho tuliiandika mara nne. Mwanzoni ilikuwa na maneno makali, na tulikuwa tumetaja ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Tukaliondoa hilo, tukalihifadhi kwa barua ya pili kama ingehitajika.

Polisi nako tulirudi. Maelezo yakishaandikwa hayafutwi, na ni vizuri hivyo. Tuliomba kutoa maelezo ya nyongeza yanayofafanua ile tarehe 4. Askari alinung’unika kidogo, kisha akaandika.

Kitu kimoja hatukukiambatisha, nacho bado kinatuchekesha. Siku ya kuondoka baba watoto aliandika kwenye kalenda ya jikoni uniti za LUKU zilizobaki, 46, kwa hofu ya samaki kuoza kwenye friza. Tuliporudi zilibaki 33. Friza ile hula karibu uniti moja kwa siku, na taa zote tulizizima. Kwa hiyo iliendelea kuunguruma kama siku 13 baada ya sisi kuondoka, yaani hadi karibu na ile siku kioo kilipoonekana kimevunjika. Tulidhani ni hesabu ya jikoni isiyofaa ofisini. Lakini mthamini alipokuja mwezi Agosti, aliiona kalenda ukutani, akauliza zile namba ni za nini. Tulipomweleza alitoa simu yake akaipiga picha.

Mwanzoni mwa Septemba walituandikia kwamba hoja ya kuchelewa wameiondoa. Halafu wakaanza habari za risiti. Ya jenereta hatukuwa nayo; tulipata nakala kwa muuza duka aliyekuwa bado na kitabu chake. Vyerehani tulivionyesha katika picha ya mahafali ya kikundi cha ushonaji, vyote viwili nyuma ya mabinti. Friza waliikata thamani kwa uchakavu, na ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unamwachia mwenye bima walituachia. Fedha zililipwa Oktoba. Cherehani kilinunuliwa kwanza, ada ikalipwa ikiwa imechelewa muhula mmoja.

Nondo mpya ni nene zaidi. Shemeji sasa ana ufunguo, na ameambiwa kwamba akiona hata mkwaruzo apige simu, aingie ndani na kutazama, kisha atuandikie alichokiona na saa alipokiona. Baba watoto bado anaandika uniti kwenye kalenda kila tunaposafiri, na siku hizi anaweka na saa.