Daftari la Nyumba: Nani Anamdai Nani Mwisho wa Mwezi

 

Wiki iliyopita dada mmoja alituuliza vipi sisi wanawake wanne tunakaa nyumba moja hapa Mwanakwerekwe na bado tunasalimiana asubuhi. Tulicheka, maana mwaka jana karibu tuache kusalimiana. Tuseme ukweli wote, huenda ukamfaa mwengine.

Tuko wanne. Fundi wa nguo, ambaye ndiye aliyeshika simu kuandika haya, mwalimu wa skuli, nesi, na mdogo wetu anayeuza duka la vitambaa Darajani. Kodi ya nyumba ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Tulipohamia tuliigawa kwa wanne bila ya kufikiri, kila mtu 75,000. Ilionekana ni uadilifu, sote sawasawa. Miezi mitano ikapita hivyo, hadi usiku mmoja mdogo wetu akasema anahama. Tukamuuliza kulikoni. Hakutaka kusema, akatwambia tu, "Dada zangu, mimi nalala stoo."

Na kweli. Chumba chake kilikuwa stoo ya mwenye nyumba. Ukiweka kitanda, kabati halifunguki mpaka mwisho. Fundi naye ana chumba kikubwa, charahani na meza ya kukatia vimo ndani, na nafasi ya kutandika msala inabaki. Na wote wawili wanalipa 75,000.

Usiku ule ule tulitoa utepe wa kupimia. Utepe wa fundi una sentimita 150 tu, basi tulikuwa tunaweka alama ya chaki sakafuni na kusogea, mmoja anashika mwanzo na mwengine anasoma. Pima ndani, ukuta kwa ukuta, urefu mara upana. Chumba cha fundi kilitoka mita 4 kwa 4, yaani mita za mraba 16. Cha mwalimu 14, cha nesi 12. Cha mdogo wetu mita 4 kwa 2, yaani 8. Jumla 50.

Mwalimu akapiga hesabu ya haraka: 300,000 ugawe kwa 50, kila mita ni 6,000. Fundi atalipa 96,000 na mdogo wetu 48,000. Tukadhani tumemaliza, lakini nesi akauliza suala zuri: ukumbi, jiko na choo ni vya nani? Mwenye chumba kikubwa hapiki mara mbili ya mwenye chumba kidogo, wala haogi mara mbili. Ukigawa kodi yote kwa ukubwa wa vyumba, unamlipisha mwenye chumba kikubwa sehemu ya ukumbi wa wenzake. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanatoka kwenye dhulma ya mmoja wanaingia kwenye dhulma ya mwengine.

Tukapima na huko. Ukumbi mita 16, jiko 6, choo na bafu 3, jumla 25. Ukijumlisha na vyumba nyumba nzima ni 75, na 300,000 ukigawa kwa 75 kila mita inakuwa 4,000. Vile vya pamoja ni 100,000, tunagawana sawa, kila mtu 25,000. Halafu kila mmoja analipa mita za chumba chake mara 4,000. Kwenye simu, kama mita za mtu umeziandika kwenye kisanduku B2, kanuni ni hii:

```
=B2*4000+25000
```

Fundi akatoka na 89,000, mwalimu 81,000, nesi 73,000, mdogo wetu 57,000. Jumlisha, utapata 300,000 kamili. Mwenye chumba kidogo amepata nafuu, na mwenye kikubwa hakukamuliwa.

Utepe una mpaka wake lakini. Haupimi dirisha linaloingiza upepo wala ukuta unaopakana na jirani mwenye redio. Chumba chenye choo chake ndani kinastahiki kuongezwa kitu, na hicho mnakubaliana kwa mdomo kabla ya kuandika. Sisi hatuna, tulipita.

Sasa umeme. Kwanza tuliutia kwenye hesabu ile ile ya mita, na mwezi huo huo tukaona ni upuuzi. Umeme haujui ukubwa wa chumba, unajua kilichochomekwa. Friji, feni na taa tunatumia sote, lakini kuna pasi ya fundi. Sikukuu ikikaribia inawaka kutwa. Fundi alikuwa anasema pasi haili kitu, wenzake wanasema inakula nusu ya uniti zote.

Tuliacha kubishana tukapima. Mita yetu ni ya Tukuza, uniti zinaonekana. Siku moja tulizima kila kitu, friji pamoja, tukaandika namba: 31.6. Fundi akapiga pasi saa nzima kama anavyofanya siku zote. Mwisho wa saa mita ikasoma 31.0. Pasi imekula uniti 0.6. Imeandikwa wati 1,000, kwa hivyo ingewaka mfululizo ingekula uniti moja, lakini pasi hujizima ikishapata moto na kuwaka tena ikipoa. Kwa hivyo usichukue namba ya kwenye kibandiko ukamlipisha mtu, pima.

Fundi hupiga pasi kiasi saa mbili kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni saa 50, uniti 30. Mwezi ule tulinunua uniti 190 kwa shilingi 57,000 kwa risiti zetu, maana yake kila uniti ilitugharimu 300. Pasi ikawa 9,000, ni ya fundi peke yake. Iliyobaki 48,000 tukagawana, kila mtu 12,000. Bei ya uniti tunaitoa kwenye risiti za mwezi husika, hatuikariri.

Maji na taka 12,000 na gesi 28,000 tunagawana sawa. Kuna nyumba wanahesabu gesi kwa siku mtu alizokuwepo. Sisi tulijaribu nesi alipokwenda Pemba siku kumi, tukaona tunagombania shilingi elfu mbili. Tukaacha. (Ramadhani ndiyo tulilala mapema mno na hesabu ya gesi. Mtungi uliisha kumi la pili, na hakuna aliyethubutu kuuliza nani aliyechemsha muhogo.)

Tuje kwenye kudaiana, maana hapa ndipo panapovunjika watu. Katika mwezi hakuna anayelipa sehemu yake tu. Mwenye pesa siku hiyo ndiye anayelipa. Mwezi ule mwalimu alitoa kodi 200,000 na fundi 100,000. Gesi alinunua fundi. Umeme nesi 40,000 na mdogo wetu 17,000, na maji na taka alilipa mdogo wetu. Zamani tulikuwa tunarudishiana kila bili mbali mbali, huyu anamtumia yule elfu tatu, yule anamrudishia elfu saba, na kila kutuma kuna makato.

Sasa tunaandika vitu vitatu tu kwa kila mtu: sehemu yake ya mwezi mzima, alichokwisha kulipa, na tofauti.

| Nani | Sehemu yake | Alilipa | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Fundi | 120,000 | 128,000 | +8,000 |
| Mwalimu | 103,000 | 200,000 | +97,000 |
| Nesi | 95,000 | 40,000 | -55,000 |
| Mdogo wetu | 79,000 | 29,000 | -50,000 |
| Jumla | 397,000 | 397,000 | 0 |

Mwenye alama ya kujumlisha anadai, mwenye kutoa anadaiwa. Haijalishi tena nani alinunua nini. Anayedaiwa zaidi anaanza kumlipa anayedai zaidi. Nesi akamtumia mwalimu 55,000, akamaliza. Mdogo wetu akamtumia mwalimu 42,000, mwalimu naye akamaliza. Iliyobaki 8,000 akampa fundi mkononi. Mara tatu tu. Watu wanne hawahitaji kulipana zaidi ya mara tatu, hata bili zikiwa ishirini.

Ile sifuri ya chini ndiyo mlinzi wetu. Isipotoka sifuri, hakuna mtu kutuma pesa. Mwezi mmoja ilitoka 9,000 na tukaanza kutazamana kwa jicho baya. Mwalimu akatufundisha: tofauti ikigawanyika kwa 9, tazama kwanza kama mtu kageuza tarakimu. Kweli, maji yalikuwa 12,000, na kwenye safu ya aliyelipa fundi kaandika 21,000. Lakini sifuri haikamati kila kitu. Mtu akisahau bili kabisa, isiandikwe popote, hesabu itatoka sifuri safi na yeye ameumia. Kwa hivyo risiti zinatiwa kwenye kopo la maziwa juu ya friji siku ile ile.

Mwanzo ilikuwa tabu kuandikiana. Tulihisi kama hatuaminiani. Nesi ndiye aliyetukumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Tangu hapo hakuna aliyesema daftari ni la watu wasioaminiana.

Tulibaki na jambo moja zito. Ile miezi mitano. Kwa hesabu mpya mdogo wetu alizidisha 18,000 kila mwezi, yaani 90,000. Nesi naye alizidisha 10,000 kwa jumla. Fundi alikuwa amenufaika 70,000 na mwalimu 30,000. Pesa imekwisha kuliwa. Tulimuuliza mwalimu wetu wa darsa, akasema tulikubaliana kwa ridhaa wakati ule, kwa hivyo kwa rai yake si deni, lakini mwenye kurudisha ni hiari yake. Nesi alisamehe zake hapo hapo. Mdogo wetu pia alisema amesamehe, lakini alisema akitazama chini, na sisi tunamjua. Alikubali 75,000 kwa sababu ndiye mdogo, aliona haya kuwasemesha dada zake.

Mwalimu alimpa 20,000 zilizomhusu mwezi ule ule. Fundi hakuwa nazo zote kwa mkupuo. Tukaongeza mstari mmoja chini ya jedwali, "ya zamani, 70,000", na kila mwezi fundi anapunguza 10,000. Mdogo wetu mwezi wa pili alitaka kuufuta, fundi akaurudisha. Mwezi huu umesoma 20,000. Na stoo ile tumeipaka rangi nyeupe, kabati tumelitoa nje tukamwekea rafu juu ya mlango.