Ukungu Kwenye Kona za Skrini

Chumba chetu kina vitanda viwili. Mmoja wetu akilala, mwingine husoma gizani. Tulipochanga pesa tukanunua monita ya IPS ya inchi 27, kona zake zilionekana zimefunikwa ukungu kila skrini ilipokuwa nyeusi. Picha tuliyoipiga kwa simu ilitutisha zaidi, maana simu huongeza mwanga gizani. Zilibaki siku tatu tu za kuirudisha dukani.

Kabla ya kuifunga, tulijaza skrini picha nyeusi tupu, tukasogeza vichwa. Ukungu wa kona ya chini kulia ulififia tulipoitazama kona hiyo kwa kuielekea. Huo ni mng'ao wa IPS: hutegemea jicho liko wapi, na monita nyingine ya aina hiyo ingekuja nao. Doa la manjano juu kushoto halikubadilika. Hilo ni taa ya nyuma inayovuja, mara nyingi pale fremu inapobana paneli.

Tulishusha Brightness kutoka 90 hadi 25, kwani taa ya nyuma ikipungua, kinachovuja nacho hupungua. Tukaisogeza monita hadi sentimita 80 kutoka machoni, ili kona zisitazamwe kimshazari mno. Mwisho tukaweka taa ndogo nyeupe nyuma yake, imulike ukuta tu. Mboni za macho hazikupanuka tena sana, na nyeusi ikaonekana nyeusi.

Hatukuirudisha. Taa ile ikizimwa, doa huonekana tena. Ikiwashwa, lazima ulitafute. Na anayelala haamki.