Miaka kumi na minne sokoni si mstari mmoja

Chukua mfano wa mama wa Morotonga, pale Mugumu, aliyetimiza miaka 40 akiwa ameuza mahindi na maharage sokoni kwa miaka 14. Biashara imepungua, mtoto mkubwa yuko kidato cha nne, na kambi moja ya watalii upande wa Ikoma imetangaza nafasi ya mtunza stoo. Anataka kuomba. Binti yake anashika kalamu amsaidie kuandika wasifu, ule ambao wengi huuita sivii, na anauliza: “Mama, hapa kwenye uzoefu niandike nini?” Mama anajibu: “Andika mfanyabiashara.”

Neno hilo moja linafuta miaka 14. Mwajiri anayelisoma haoni stoo wala hesabu. Anaona mtu wa kazi nyingine, anageuza karatasi.

Njia nzuri ni kuanza na tangazo lenyewe. Mama na binti walipige mstari kila neno linalotaja kazi. Tuseme tangazo linataka mtu wa kupokea mizigo, kuikagua, kuitunza isiharibike, kuitoa kwa kumbukumbu na kuhesabu kilichobaki. Kando ya kila neno, mama aeleze alivyofanya jambo hilo sokoni. Hapo ndipo binti atashangaa, maana karibu kila neno lina jibu.

Alipokuwa akipokea magunia, aliyapima yote kwenye mizani kabla ya kulipa. Alipanga mzigo juu ya mbao ili unyevu wa sakafu usiufikie, na alihakikisha kilichoingia kwanza kinatoka kwanza. Waliokopa aliwaandika kwenye daftari. Tena ni mweka hazina wa kikundi cha vikoba, ambako sanduku la fedha lina funguo tatu na kila kikao pesa huhesabiwa mbele ya wote.

Sasa maneno hayo yaandikwe kwa lugha ya kazi mpya. Badala ya “nina uaminifu na bidii,” ambayo kila mwombaji huandika, wasifu useme hivi:

“Kupokea na kukagua mzigo: nimepokea magunia 30 hadi 40 kila mwezi wa mavuno, nikiyapima na kuyakagua unyevu na wadudu.”

“Kumbukumbu za fedha: mweka hazina wa kikundi cha watu 25 kwa miaka 6, nikisoma hesabu kwenye kila kikao.”

Kila mstari una kitendo, kiasi na muda. Kipimo chake ni rahisi: mwajiri akisema “nionyeshe,” kuna daftari la kufungua au mtu wa kupigiwa simu? Kama hakuna, mstari huo upunguzwe au utoke. Magunia 30 yasigeuzwe 300, kwa sababu kwenye usaili ataulizwa aliyahifadhi wapi.

Mpangilio nao una maana. Juu kabisa jina na namba ya simu inayopatikana, kisha sentensi mbili za kueleza anaomba kazi gani na analeta nini. Baada yake ujuzi, halafu historia ya kazi kwa miaka yake, elimu, na mwisho wadhamini. Akianza na elimu ya miaka 20 iliyopita, msomaji anaweza kuchoka kabla ya kufika kwenye stoo. Kurasa mbili zinatosha. Wadhamini wasiwe ndugu. Mwenyekiti wa kikundi na mkulima anayemletea mahindi wanafaa zaidi, maana wameona kazi yake, ila waombwe ruhusa kwanza.

Wasifu una mipaka yake. Tangazo likidai cheti cha ugavi, maelezo ya sokoni hayawi cheti. Kwa ufundi kama upishi, ushonaji au useremala, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mtu hupimwa kwa vitendo. Na kwa nafasi za serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida hutaka mwombaji asiyezidi miaka 45 na wadhamini watatu. Mwenye miaka 40 bado anaingia, ila muda wake si mrefu.

Lipo pia swali ambalo wasifu haulijibu wote: kwa nini unaacha biashara yako? Mama ajiandae kusema ukweli kwa kifupi, kwamba soko limepungua na kazi ya kutunza mzigo anaijua. Akisema hivyo bila aibu, daftari lake la sokoni liwe mkononi, tayari kufunguliwa.